Ukurasa wa Kubeba Majeruhi

Waliompa jina la Breki hawakuwa wanamsifu. Wenzake wa kituo cha bodaboda walimcheka kwa sababu alikuwa anakanyaga breki hata pale ambapo kuku alikuwa bado anawaza tu kuvuka barabara. Abiria wenye haraka walimkwepa. Wajawazito, wazee na kina mama wenye trei za mayai walimsubiri hata kama mbele yake kulikuwa na pikipiki tano. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mke fundi cherehani, watoto wawili, na mpaka mwaka ule unaanza hakuna aliyewahi kumwita mtu wa wasiwasi.

Tangu Alhamisi ya lori, mambo yalibadilika. Akikaa, anainuka. Akiagiza chai, anaiacha nusu na kwenda kufuta tangi la pikipiki ambalo lilikwisha kung'aa. Abiria akishuka anamwangalia anavyotembea mpaka apotee, kana kwamba anamdai kitu. Mkewe alipomuuliza ana nini, alisema mgongo unamsumbua. Mke akamshonea mkanda wa kitambaa kizito wa kujifunga kiunoni, naye akauvaa mwezi mzima kwa aibu, maana mgongo wake haukuwa na tatizo lolote.

Aliyejua sababu ni Kasuku, rafiki yake wa kituoni, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kasuku aliongea kuhusu mpira, bei za matairi, wakwe zake na ndoto alizoota. Kuhusu Alhamisi ile alisema sentensi moja tu, tena kila mara ileile: tuliokoa mtu yule. Kisha anabadili mada.

Basi siku moja asubuhi muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara akavuka na bahasha kubwa kwapani. Wote walimwita Sista. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa plasta upande mmoja, na alikuwa amewashona nyuzi karibu nusu ya watu wa kituo kile kwa nyakati tofauti, kwa hiyo alipoongea walizima injini. Aliwaeleza kwamba anaandika kitabu kidogo cha huduma ya kwanza, cha kuwekwa nyumbani na chini ya kiti cha bodaboda. Vitabu vilivyopo, alisema, vimeandikwa na watu wanaojua sana kwa ajili ya watu wanaojua sana. Yeye alitaka cha watu wanaofika kwanza, na wanaofika kwanza ni wao. Akawagawia nakala za mashine, kila mmoja moja, pamoja na penseli. Wachukue wiki nzima. Mahali wasipoelewa wapige mstari. Mahali palipoandikwa jambo lisilowezekana barabarani wapige alama ya kukata. Akamaliza kwa kuwapa kila mmoja glavu jozi mbili ndani ya mfuko wa karatasi, akasema hizo si za kuoshea pikipiki.

Breki alikuwa anasoma polepole, akifuata maneno kwa kidole, na baada ya aya tatu macho yalianza kumwasha. Kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa ya mkewe. Jioni, akishafunika cherehani, mke alivuta stuli karibu na dirisha na kumsomea kwa sauti huku watoto wakifanya kazi za shule mezani.

Kumbe mke akanogewa kuliko yeye. Alianza na kurasa za nyumbani: mtoto aliyepaliwa, mtu aliyekunywa mafuta ya taa, mtu aliyeanguka kifafa. Aligombana na kurasa zile kama anayegombana na shangazi. Kitabu kiliposema mtu wa kifafa asitiwe kijiko mdomoni, aliacha kusoma kidogo, akakumbuka vijiko alivyowahi kuona, akaendelea. Siku ya tatu pasi ya makaa ilimgusa mkono akiwa ananyoosha suruali ya mteja. Zamani angepaka dawa ya meno mara moja. Safari hii alikwenda bombani, akaweka mkono chini ya maji yanayotiririka, akamwita mumewe amshikie saa, kwa sababu kitabu kilisema dakika ishirini. Mteja alisimama mlangoni akidhani anafanyiwa dharau. Dakika ya kumi na moja mke alisema sasa yametosha, mume akasema bado tisa. Walicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Breki kucheka nyumbani kwake baada ya muda mrefu.

Kesho yake walifika ukurasa wa kubeba majeruhi.

Mke alisoma kama alivyosoma kurasa nyingine. Kwamba mtu aliyegongwa au kurushwa kwa nguvu huenda ameumia uti wa mgongo, hata kama anaongea, hata kama anasogeza miguu. Kwamba asikalishwe, asisimamishwe, asikunjwe. Kwamba kumpakia majeruhi wa namna hiyo kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, kunaweza kumharibia kile ambacho ajali haikukiharibu. "Usimbebe kamwe," mke alisoma. "Subiri gari la wagonjwa."

Aliposhusha karatasi, kiti cha mumewe kilikuwa kitupu. Breki alikuwa ameshatoka nje na alikuwa anazunguka pikipiki yake, mara kushoto, mara kulia, akibonyeza magurudumu kwa kidole gumba. Mke alisimama mlangoni akimwangalia. Baada ya kitambo mume alirudi, akachukua penseli, akapiga alama ya kukata juu ya ukurasa ule mzima, kona kwa kona, kwa nguvu hata karatasi ikachanika.

"Sasa niambie," mke alisema. "Na usinitajie mgongo."

Akamwambia. Alhamisi ile, saa nne asubuhi, yeye na Kasuku walikuwa wanarudi kutoka kupeleka mizigo walipoona lori limemgonga mtembea kwa miguu na kukimbia. Alikuwa fundi wa kupiga lipu, suruali imejaa saruji, amelala chali kando ya mtaro. Alikuwa anaongea. Alikuwa anaomba ndoo yake yenye vifaa isiachwe. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja anapiga kelele kwamba apelekwe hospitali, mtu anakufa mnaangalia. Basi yeye na Kasuku wakamnyanyua, mmoja kwapani, mwingine magotini. Wakamkalisha nyuma ya Breki, Kasuku akapanda nyuma yake na kumkumbatia asianguke. Barabara ilikuwa ya matuta. Njiani kichwa cha yule fundi kilikuwa kinamgonga Breki begani, na kwenye tuta la tatu aliacha kuongea. Walimfikisha hospitali akiwa hai. Wiki mbili baadaye Breki alisikia kwamba fundi hatembei.

"Kwa hiyo sijui," alisema. "Sijui kama ni lori au ni mimi."

Mke hakumwambia kwamba si yeye. Alikunja karatasi iliyochanika, akaiweka chini ya mkasi wake isipeperuke, na akasema jambo hilo lipelekwe kwa Sista.

Wiki ilipoisha, watu kumi na wawili walikusanyika kwenye chumba cha kungojea cha zahanati, mchana, saa ambayo wagonjwa walikuwa wameshapungua. Sista alikusanya nakala na kuzipitia moja moja. Wengi walikuwa wamepiga mistari chini ya maneno magumu. Mmoja aliuliza kwa nini kitabu kinakataza kumvua helmeti mtu aliyeanguka, na Sista akaeleza kwamba kuivuta kunakunja shingo. Fungua kioo cha mbele, hakikisha anapumua, iache, isipokuwa kama hewa haipiti na hakuna njia nyingine. Mwingine aliuliza kuhusu soda, maana yeye aliamini soda inarudisha damu. Wakamcheka. Sista hakucheka, alisema mtu aliyeumia vibaya hapewi kitu mdomoni, si soda wala maji, kwa kuwa anaweza kutapika na kupaliwa, na huenda anakwenda kupasuliwa.

Kisha akafika kwenye ukurasa uliochanika. Akauinua juu, mwanga ukapita kwenye ule mpasuko.

"Huu ni wa nani?"

Breki aliinuka. Alikuwa amejipanga kuongea taratibu, lakini maneno yalimtoka kama mtu anayeteremka mlima bila gia. Alimwambia Sista kwamba ukurasa huo umeandikwa kwa ajili ya watu wenye gari la wagonjwa. Gari lenyewe lilikuwa moja kwa eneo zima, na mara ya mwisho kuonekana lilikuwa limepandishwa juu ya mawe halina tairi mbili. Anayesubiri, anasubiri nini? Jua likiwa linampiga majeruhi, watu wakiwa wanakupigia kelele, damu inatoka, wewe umesimama na kitabu mkononi kinachokuambia usifanye? Kukataza ni rahisi, alisema. Yeyote anaweza kukataza akiwa mezani.

Kasuku alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sista alivua miwani. Alimuuliza Breki yule majeruhi aliyembeba yeye alikuwa nani, na hapo Breki akagundua kwamba kila kitu kilikuwa kimeshaonekana usoni mwake. Akasimulia tena, safari hii mbele ya wote, na alipofika kwenye tuta la tatu alimgeukia Sista akamuuliza swali ambalo lilikuwa limemzungusha miezi saba.

"Ni sisi tuliomvunja?"

"Sijui," Sista alisema. "Inawezekana ni lori. Inawezekana ni pikipiki. Hata daktari aliyempokea hawezi kukuambia, na nikikuambia vingine nitakuwa nakupoza tu."

Kasuku alitoka nje. Breki alibaki amesimama, mikono haina pa kwenda. Alitarajia kuumia zaidi, lakini alijisikia kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango miezi yote, akaambiwa ni ukuta.

Sista alisema Breki ana hoja. Ukurasa unakataza halafu unamwacha mtu njia panda. Huo ni ukurasa mbovu, na mwandishi wake ni yeye. Akauchana vipande viwili, akasukuma mabenchi ukutani, akamlaza muuza vocha wa kituoni sakafuni awe majeruhi. Kama gari la wagonjwa haliji, tuna nini? Walitaja. Pikapu za wauza matofali zinapita kila mara. Seremala yuko mita mia kutoka kituoni, na mlango wa mbao ni mgumu na mrefu kuliko mtu. Leso na mikanda haikosekani.

Wakaanza kujaribu. Mmoja anapiga magoti kichwani, anashika kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na kiwiliwili, na yeye ndiye anayetoa amri. Wengine hawana ruhusa ya kusogea kabla hajahesabu. Watatu wanakaa upande mmoja: mabegani, kiunoni, magotini. Kwa hesabu ya tatu wanamgeuza ubavu kwa pamoja, kama gogo, wa tano anasukuma mlango chini yake, wanamrudisha. Nguo zilizoviringishwa zinawekwa pande zote mbili za kichwa. Anafungwa kifuani, nyongani na miguuni, shingoni kamwe. Akitaka kutapika wanamgeuza tena, wote pamoja. Mara ya kwanza muuza vocha alipindwa hadi akalalamika. Mara ya sita alisema amesinzia. Na kabla ya yote hayo, Sista alirudia mpaka wakachoka kumsikia, angalieni kama anapumua na kama damu inamwagika, kwa sababu mgongo unaweza kungoja dakika tano, damu ya mshipa mkubwa haiwezi.

Kasuku alikuwa amerudi. Bila kuulizwa alipiga magoti upande wa kichwa, na kila walipoanza upya hakutaka kumwachia mtu mwingine nafasi ile.

Jumapili iliyofuata mke alimwambia Breki avae shati safi, wanakwenda kwa yule fundi, nyumba ameshaulizia kwa Sista. Breki alisema atakwenda wiki ijayo. Mke alisema wiki ijayo ana nguo za harusi, na akakaa nyuma ya pikipiki akimsubiri.

Fundi alikuwa anakaa chumba cha uani, mlango wake umewekewa ubao wa mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Mkewe aliwakaribisha, akawapa viti, akasema anawafahamu. Yaani anaifahamu ile pikipiki, kwa sababu siku ile alifika hospitali wakati wanaondoka. Breki alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini hakupata mwanya. Fundi mwenyewe, mtu mpana wa mabega, mikono yake bado ina alama za saruji kwenye mistari ya viganja, alimkatiza.

"Kwanza nisimulie," alisema. "Mimi nakumbuka lori, halafu nakumbuka dari ya wodi. Katikati hakuna mtu aliyewahi kunieleza."

Breki alimsimulia. Alitaka kuruka sehemu lakini mkewe alikuwepo na alikuwa anajua. Alieleza kwapani na magotini, matuta, kichwa kilichokuwa kinamgonga begani. Fundi alisikiliza akiwa amekunja mikono, na aliposikia kuhusu ndoo alicheka kidogo, akamwangalia mkewe, akasema hata wakati wa kufa yeye na ndoo yake. Kwenye ua mtu alikuwa anafua, na sauti ya nguo ikipigwa jiwe iliendelea, ikaendelea.

"Miguu yangu ilikuwa inasogea mliponinyanyua?"

"Sikuangalia, kaka. Huo ndio ukweli. Hakuna aliyeangalia."

Fundi alitikisa kichwa. Alisema kuna siku amemchukia mwenye lori, na kuna siku amewachukia wao, na kuna siku amejichukia mwenyewe kwa kutembea upande ule wa barabara. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliomba asomewe ukurasa mpya. Mke wa Breki alikuwa nao kwenye pochi, umeandikwa kwa mkono wa Sista, akausoma wote. Fundi alimwambia arudie. Mwishoni alisema kuna kitu kimekosekana.

"Hamjaandika kwamba muongee na mtu. Mimi sikumbuki kitu, lakini kila nikiota naota nabebwa na sijui napelekwa wapi. Andikeni kwamba aambiwe. Aambiwe nani anamshika, na anapelekwa wapi."

Mke alitoa penseli yake ya kuchorea vitambaa, akaiandika sentensi hiyo pembeni mwa ukurasa.

Ungedhani baada ya hapo Breki angetulia. Hakutulia. Wasiwasi wake ulihama tu. Sasa aliangalia kila pikapu inayopita kama ina nafasi ya mlango, na alimsumbua seremala mpaka akakubali kuwaachia mlango mmoja uliopinda uegemezwe nje ya karakana. Glavu zilikaa chini ya kiti, pamoja na bendeji mbili pana na vitambaa safi vya pamba alivyokatiwa na mkewe.

Ilikuwa Jumanne, alasiri, wiki tatu baadaye. Pikapu iliyobeba mabati ilikata kona bila kuonyesha taa, na pikipiki ya kijana mgeni, si wa kituo chao, ikaingia ubavuni. Kijana aliruka akaangukia mchanga, akainuka akishika kiwiko. Abiria wake, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo aliyekuwa na rundo la madaftari, alirushwa juu ya mabati na kuangukia lami upande wa pili. Madaftari yalitapakaa barabara nzima.

Breki alikuwa wa kwanza kufika na alipofika alisimama. Kila kitu alichosoma kilimtoka kichwani, kama ubao uliofutwa. Aliona tu gauni likigeuka rangi, kwa kasi, juu kidogo ya goti la kushoto.

Kilichomrudisha ni rangi ile. Dakika tano, damu haiwezi kungoja. Alipaza sauti gari zizuiwe. Glavu moja ilichanika alipoivaa, akavaa nyingine juu yake. Alipasua gauni, akaona jeraha, bati lilikuwa limeingia na kutoka, hakuna kilichobaki ndani. Akakandamiza kitambaa cha pamba juu yake, mikono miwili, viwiko vimenyooka, uzito wake wote juu.

"Mwalimu, naitwa Breki, mimi ni wa kituo kile pale. Nabana damu. Itauma. Usigeuze kichwa, jibu tu kwa mdomo. Unanisikia?"

Mwalimu alisema anasikia. Alisema shingo inamuuma, na akauliza madaftari yako wapi, ni ya darasa zima.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Mtu mmoja mwenye sauti nene alisema apakiwe kwenye pikipiki haraka, wanangoja nini, mpaka afe? Akainama kumshika mwalimu kwapani. Breki hakuweza kuachia jeraha ili amzuie. Kwa mara ya pili katika maisha yake alisikia umati ule ule, maneno yale yale, na akasikia mwili wake mwenyewe unataka kutii.

Kasuku alipita katikati ya miguu ya watu, akapiga magoti, akashika kichwa cha mwalimu kwa mikono miwili. Hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Kaka, mwachie," alimwambia yule mtu. "Tulishafanya hivyo. Yupo mtu hatembei. Mwachie, nenda kalete mlango kwa seremala."

Yule mtu alimwachia. Akasimama kama aliyepigwa na mwanga, kisha kweli akakimbia kuleta mlango.

Damu ilipenya kitambaa. Breki hakukiinua kuangalia. Aliongeza kingine juu, akasogeza viganja kidogo mpaka akasikia chini yake pale hasa inapotoka, akabana zaidi. Alihesabu kimoyomoyo. Akamwambia mwalimu habari ya pasi ya makaa, dakika tisa zilizobaki, mteja mlangoni. Mwalimu alisema mke wako ana akili. Damu ikapunguza mwendo, ikawa inajikusanya badala ya kumwagika, na mwenzao mmoja akazungusha bendeji kwa kubana huku Breki akiwa bado hajatoa viganja.

Mlango ulifika. Kasuku alihesabu, moja, mbili, tatu, na wakamgeuza kama gogo, wakamrudisha, wakafunga kwa mikanda ya suruali na leso. Dereva wa pikapu alishusha mabati mwenyewe. Mlango ulipopakiwa ulitokeza nje kwa nyuma, wakakaa pande zote wakiushikilia. Njia nzima Kasuku alikuwa anasema: sasa tunapita sokoni, mwalimu, sasa kuna tuta, tunapunguza, sasa hospitali naiona. Mdomo ule ambao haukujua likizo ulikuwa umepata kazi yake.

Hospitalini walipokewa. Baada ya saa moja daktari alitoka kuwaambia kwamba mshipa umefungwa na kwamba picha haionyeshi mvunjiko wowote shingoni. Mmoja wa wenzao alisema, basi mlango tumeubeba bure. Walicheka kwa nguvu kupita kiasi, kama wanavyocheka watu waliokuwa wameogopa, na daktari akawaambia kwamba hata yeye asingeweza kujua hilo barabarani, wala wao. Kuhusu mguu hakutania. Alisema aliyebana damu alibana pale palipotakiwa.

Breki alikwenda bombani. Aliosha mikono mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Kasuku alikuja akasimama bomba la pili, naye akanawa ingawa mikono yake haikuwa na kitu. Alisema bila kumwangalia kwamba Jumapili angependa kujua nyumba ya yule fundi iko wapi. Breki akasema atampeleka.

Aliporudishwa kituoni kuchukua pikipiki yake, ufunguo haukuingia. Alijaribu, ukagonga pembeni. Akajaribu kwa mikono miwili. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akampigia mkewe simu, akamwambia hawezi kuendesha, aje.

Mke alikuja kwa miguu, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni. Alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akashika usukani upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, wakaanza kuisukuma pikipiki taratibu kuelekea nyumbani. Watoto wa shule walikuwa wamesimama njiani wakiokota madaftari ya mwisho na kuyapanga kwa majina.

"Ulianza na nini?" mke aliuliza.

"Nilisimama tu."

"Halafu?"

Akamweleza halafu, na halafu nyingine, hatua kwa hatua, huku gurudumu la mbele likilia kidogo. Walipofika kwenye mteremko mke alisema washike breki, na wakaishika wote wawili.